Pauni 20 kwa mwezi: bei halisi ya kubeti kwa mwanafunzi wa Birmingham

Katika bajeti yangu ya mwezi hapa Birmingham kuna mstari ambao wanafunzi wengi wanaobeti hawauandiki popote: kubeti, pauni 20. Nimeuweka kwenye burudani, na upande wa mapato sikuandika ushindi wowote. Tukihesabu pauni moja kwa shilingi 170 za Kenya, kiwango nitakachokitumia hadi mwisho, hizo ni Sh3,400. Ninachotaka kupima ni kama pauni 20 ndiyo bei ya kweli ya burudani hii, kwa sababu mstari huohuo, ukisomeka vilevile, unaweza kumgharimu mtu peni 90 na mwingine pauni 100.

Tuanze na ukubwa wake. Kwa maombi ya viza ya mwanafunzi ya kuanzia Januari 2025, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilitaka anayesoma nje ya London aonyeshe pauni 1,136 za kujikimu kwa kila mwezi, mbali na ada. Bajeti yangu nimeijenga juu ya kiasi hicho. Pauni 20 katika 1,136 ni asilimia 1.8. Ukiitazama hivyo ni hela ndogo, na hapo ndipo watu wengi huachia hesabu.

Ila mwenye nyumba hangoji. Chumba Selly Oak pamoja na umeme, gesi na maji nimekipangia pauni 560, chakula 200, nauli na simu 85, vitabu na mavazi 60, na pauni 100 za kutuma nyumbani. Jumla ni 1,005. Zinazobaki, ambazo naweza kusema ni zangu kuzitumia nitakavyo, ni pauni 131. Pauni 20 katika 131 ni asilimia 15.3. Asilimia 1.8 na asilimia 15.3 zote ni sahihi, lakini ya pili ndiyo inayojibu swali la mwanafunzi, kwa kuwa hakuna anayebeti kwa hela ya kodi ya chumba akiwa na akili timamu.

Vipimo viwili vya nje vinasaidia. Leseni ya televisheni, ambayo kila nyumba inayotazama matangazo ya moja kwa moja inapaswa kuilipia, ilipanda kufikia pauni 174.50 kwa mwaka Aprili 2025, yaani pauni 14.54 kwa mwezi. Mstari wangu wa kubeti umeizidi leseni hiyo kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa upande wa jasho, kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia mwezi huohuo. Pauni 20 ni kazi ya saa moja na dakika 38 kabla ya makato, na mwenye viza ya mwanafunzi wa chuo kikuu haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula.

Sasa tuje kwenye bei yenyewe. Odi ni namba unayozidisha na dau ili kujua utalipwa kiasi gani ukishinda. Aliyezoea odi za desimali za Dar es Salaam au Nairobi akiingia duka la kubeti la hapa atakuta sehemu ukutani: 10/11, 6/4, 5/1. Ya kwanza maana yake ni kwamba ukiweka 11 unapata faida ya 10, juu ya dau lako linalorudi. Kwa desimali ni 1.91. Ya pili ni 2.50, na ya tatu ni 6.00. Sehemu hizo hazibadilishi kitu kwenye malipo, ila zinamchelewesha mgeni kufanya hesabu moja muhimu: kugawanya 1 kwa odi, aone kampuni imeiuzaje nafasi ya kila tokeo.

Chukua mechi ya mfano pale Villa Park: mwenyeji 2.10, sare 3.40, mgeni 3.50. Moja ukiigawa kwa 2.10 unapata asilimia 47.6, kwa 3.40 ni 29.4, kwa 3.50 ni 28.6. Jumla inafika 105.6, wakati matokeo yote ya mechi moja hayawezi kuzidi 100. Hiyo ziada ya 5.6 ndiyo inayoilisha kampuni. Katika kila pauni 100 zinazowekwa, kampuni inabaki kwa wastani na pauni 5.30, sehemu hiyo inayobaki nitaiita kato. Kwa soko la matokeo mawili, kama ova na anda ya mabao 2.5 kwa odi 1.91 kila upande, jumla ni 104.7 na kato ni asilimia 4.5.

Mpango wa kwanza wa mwezi, basi, ni huu: mechi nane, kila moja pauni 2.50, dau la mechi moja moja kwa odi 1.91. Mzunguko, yaani jumla ya madau yote, ni pauni 20. Kato la asilimia 4.5 linakula peni 90. Mechi nane za dakika 90 ni saa 12, kwa hiyo burudani hii inagharimu peni 7.5 kwa saa. Sijui burudani nyingine ya kulipia Birmingham iliyo rahisi kiasi hicho, na urahisi huo ndio ulionifanya nichunguze ulikosimamia.

Umesimama juu ya wastani, na mwanafunzi haishi mwezi wa wastani. Tukichukua kwamba kila dau lina nafasi 50 kwa 100, mtu anashinda madau manne kati ya manane katika asilimia 27 ya miezi, na hapo ndipo anapoteza peni 90 hasa. Katika asilimia 36 anashinda matano au zaidi na kutoka na faida. Katika asilimia 36 nyingine anashinda matatu au pungufu, na hasara inaanzia pauni 5.68. Kupoteza yote manane ni mwezi mmoja katika 256. Kwa hiyo mpango huu una kikomo cha pauni 20, lakini mara chache sana utakifikia.

Hiyo asilimia 36 ya miezi ya faida ina madhara yake. Miezi mitatu ya faida mfululizo inatokea kwa karibu asilimia 5 ya watu wanaobeti kwa kubahatisha tu. Kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi 100 wanaofuata mpango uleule, watano hivi watamaliza muhula wakiwa wameshinda kila mwezi, na wale 95 watawauliza siri yao. Rekodi ya miezi mitatu yenye madau 24 haitoshi kutenganisha ujuzi na bahati, hata kama mwenye rekodi anajua majina ya wachezaji wa akiba wa Birmingham City.

Mpango wa pili ndio wanafunzi wengi wanaoupenda: mkeka. Mkeka ni madau kadhaa yaliyofungwa pamoja, odi zikizidishwa, na moja likichanika yote yamechanika. Chukua timu tano, kila moja kwa odi 2.10 kama mwenyeji wa hapo juu. Odi ya mkeka ni 40.84, pauni 5 zinaahidi pauni 204.20, yaani zaidi ya Sh34,700. Mikeka minne kama hiyo, mmoja kila wiki, inafikisha pauni 20 zilezile. Mzunguko ni uleule, na kikomo ni kilekile.

Kato ndilo lililobadilika. Kila timu inayoongezwa inakatwa upya juu ya kilichobaki baada ya makato yaliyotangulia. Timu moja inarudisha asilimia 94.7 ya thamani. Timu tano zinarudisha 76.1, timu kumi zinarudisha 58. Mkeka wa timu tano una kato la karibu asilimia 24, na wa timu kumi asilimia 42. Mzunguko wa pauni 20 kwenye mikeka ya tano unagharimu kwa wastani pauni 4.77, zaidi ya mara tano ya zile peni 90. Kwenye skrini huoni makato hayo popote, kwani odi inakua jinsi unavyoongeza timu, na macho hufuata odi.

Hata pauni 4.77 ni namba inayopotosha. Nafasi ya mkeka mmoja wa tano kutiki, baada ya kuondoa ziada ya kampuni, ni asilimia 1.86, yaani mmoja katika 54. Nafasi ya mikeka yote minne ya mwezi kuchanika ni asilimia 92.7. Maana yake, katika miezi 93 kati ya 100 gharama ni pauni 20 kamili, na wastani unashushwa na ile michache inayolipa pauni 204. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anakaa hapa mwaka mmoja; miezi 12 ya mikeka hiyo ni pauni 240, na nafasi ya kupita mwaka mzima bila mkeka hata mmoja kutiki ni asilimia 40. Anayebeti mikeka na aandike pauni 20 kama hela iliyokwisha kutoka, na asijihesabie 4.77.

Hesabu hizi zina dhana mbili zinazostahili kuulizwa. Nimegawa ziada ya kampuni sawia kwa matokeo yote, kana kwamba timu dhaifu na timu kubwa zinakatwa kwa uwiano uleule. Wachunguzi wa masoko ya kubeti wamelikuta kwa miaka mingi jambo tofauti: odi kubwa huwa na kato kubwa zaidi kuliko odi ndogo. Ikiwa ndivyo kwenye mechi unazochagua, mkeka wa timu zisizotarajiwa ni ghali kuliko nilivyoonyesha, na namba zangu za mkeka zisomwe kama za upole. Dhana ya upande wa pili ni kwamba huna ujuzi kuliko soko. Labda unao. Lakini kampuni za hapa zina haki ya kupunguza dau la mteja anayeshinda mara kwa mara, na huitumia, kwa hiyo hata ujuzi wa kweli haugeuki kuwa mstari wa mapato unaotegemeka.

Jambo lililonisumbua kuliko yote katika bajeti hii ni neno kikomo lenyewe, yaani kikomo cha kitu gani. Tuseme ni kikomo cha hela unayoingiza kwenye akaunti. Umeingiza pauni 20, ukaweka madau manane, zikarudi pauni 19.10. Hela imo ndani, wikendi inakuja, unaziweka tena. Zikirudi 18.24 unaziweka tena. Hujavunja kikomo, kwa kuwa hujaingiza peni nyingine. Lakini kwa kato la asilimia 4.5, kuzimaliza pauni 20 kunahitaji mzunguko wa wastani wa pauni 444, ambao ni madau 178 hivi ya pauni 2.50. Burudani ya peni 90 imekuwa ya pauni 20 bila mstari wa bajeti kubadilika. Ndiyo maana kwenye karatasi yangu nimeandika sharti chini ya namba: kila pauni inawekwa mara moja tu, na kinachorudi kinatolewa kwenda benki siku hiyohiyo. Bila sharti hilo, aina ya dau uliyochagua inaamua tu kasi ya kupoteza; kiasi ni kilekile.

Kwa kasi, hakuna kinachofikia sloti, ile michezo ya kuzungusha picha inayokaa kwenye aplikesheni ileile ya mpira. Tangu 31 Oktoba 2021 sheria za Uingereza zinataka kila mzunguko wa sloti ya mtandaoni uchukue angalau sekunde 2.5. Hiyo inaruhusu mizunguko 24 kwa dakika na 1,440 kwa saa. Kwa dau dogo la peni 20, saa moja ya kasi ya juu kabisa ni mzunguko wa pauni 288. Sloti inayorudisha asilimia 95 ina kato la asilimia 5, karibu sawa na lile la ova na anda, na bado inakula pauni 14.40 kwa saa. Peni 7.5 kwa saa kwa mpira, pauni 14.40 kwa sloti: kato halijapishana sana, kilichopishana ni mara ngapi kwa saa linakatwa.

Serikali iliweka kikomo cha dau la sloti za mtandaoni mwaka 2025: pauni 5 kwa mzunguko kuanzia 9 Aprili, na pauni 2 kwa wenye miaka 18 hadi 24 kuanzia 21 Mei. Ni hatua yenye maana ukiipima na mashine za madukani za zamani, ambazo hadi Aprili 2019 ziliruhusu pauni 100 kwa mzunguko kabla ya kushushwa hadi pauni 2. Lakini ukiipima na bajeti yangu, pauni 2 kwa kasi hiyohiyo ni mzunguko wa pauni 2,880 kwa saa na hasara ya wastani ya pauni 144. Kikomo halali cha kijana kinaweza kuzimaliza zile pauni 131 zote kabla saa moja haijaisha. Kwa hiyo kwenye mpango wangu sloti zina sifuri.

Bonasi nayo inahitaji kupimwa, maana wengi huihesabu kama hela. Dau la bure la pauni 10 kwa kawaida halirudishi dau, linarudisha faida tu. Kwa odi 2.10, dau la hela yako la pauni 10 likishinda linakupa pauni 21, na la bure linakupa 11. Nafasi ya kushinda ni asilimia 45, kwa hiyo thamani yake ni pauni 4.96. Ni thamani ya kweli, sikatai, ila ni nusu ya kilichoandikwa kwenye tangazo, na mara nyingi inapatikana kwa kuingiza hela kwanza kwenye akaunti mpya. Mwanafunzi aliyefungua akaunti tano kufuata bonasi tano amepata thamani ya pauni 24.80 na vikomo vitano vya pauni 20.

Hapo ndipo pauni 100 niliyoitaja mwanzoni inapotokea. Tangu 31 Oktoba 2025 kampuni zenye leseni ya Uingereza zinapaswa kumtaka mteja mpya ajiwekee kikomo cha fedha kabla ya kuingiza hela ya kwanza. Ukitaka kukishusha, kinashuka papo hapo. Ukitaka kukipandisha, lazima zipite angalau saa 24. Huo ni utaratibu mzuri, na unashika kweli kwa mtu aliyepandwa na hasira ya Jumamosi jioni. Lakini kikomo ni cha kampuni moja. Kampuni ya pili haijui ulichoiambia ya kwanza. Tena angalia kikomo chenyewe kinahesabu nini: kikiwa ni cha kiasi kilichoingia ukitoa kilichotoka, mtu aliyetoa pauni 30 za ushindi anaweza kuingiza pauni 50 katika mwezi wenye kikomo cha 20. Mimi nimechagua kinachohesabu kila kinachoingia bila kutoa kitu, katika akaunti moja.

Kuna uzio mwingine ambao una pengo. Tangu 14 Aprili 2020 ni marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo nchini Uingereza, ili mtu asicheze kwa deni. Kadi ya kawaida ya benki inaruhusiwa, na akaunti nyingi za wanafunzi raia wa hapa zina ruhusa ya kutoa zaidi ya salio bila riba. Pauni 20 zinazotoka kwenye akaunti iliyo chini ya sifuri ni deni, japo kadi yake haina jina hilo. Wanafunzi tuliotoka nje mara nyingi hatupewi ruhusa hiyo, na kwa jambo hili moja hatujapungukiwa. Benki kadhaa za hapa zina swichi ya kuzuia malipo yote ya kamari kwenye kadi, na kwa baadhi yake ukiizima unasubiri saa 48 kabla malipo hayajafunguka.

Tume ya Kamari, ambayo makao yake yapo hapahapa Birmingham, inazitaka kampuni zimwangalie mteja kama ana dalili za shida ya fedha pindi anapofikisha kiasi fulani. Kiasi hicho kilianza na pauni 500 kwa mwezi Agosti 2024, kikashuka hadi pauni 150 ndani ya siku 30 kuanzia 28 Februari 2025, kikihesabiwa baada ya kutoa alichorudishiwa mteja. Ilinganishe na bajeti: 150 ni mara saba na nusu ya kikomo changu, na inazizidi zile pauni 131 zote. Mwanafunzi wa aina yangu atakuwa amekula hela yake yote ya hiari na kugusa ya chakula kabla kengele haijalia. Sisemi kiwango kimekosewa, kwa kuwa kiliwekwa kwa ajili ya nchi nzima yenye watu wenye mishahara. Nasema tu kwamba hakikuwekwa kwa kipimo cha mwanafunzi, na asikitegemee.

Namba zinazofuata zinahusu tabia, na nimezipiga kwa sababu ndizo zinazovunja bajeti nyingi. Mtu akipoteza pauni 2.50 hushawishika kuweka 5, kisha 10, ili ushindi mmoja ufute yote. Akipoteza mara tatu ametumia pauni 17.50, na dau la nne linadai pauni 20 wakati amebakiwa na 2.50. Watu huchukulia kupoteza mara tatu mfululizo kuwa ni mkosi wa nadra. Katika madau manane yenye nafasi 50 kwa 100, mfululizo wa hasara tatu unatokea katika asilimia 42 ya miezi. Anayepanga kuongeza dau kila akipoteza amepanga kukigonga kikomo chake, au kukivuka, karibu mara mbili katika kila miezi mitano. Dau kwenye bajeti yangu halipandi wala halishuki.

Msomaji wa Nairobi atauliza hesabu hii kwake ingekuwaje. Uingereza iliondoa kodi ya mbeti Oktoba 2001. Kodi inalipwa na kampuni, kutoka kwenye kato. Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya 2025, ilihamishia ushuru kwenye hela inayoingia, asilimia 5, na asilimia 5 nyingine kwenye hela inayotoka. Chukua Sh3,400 zilezile. Zikiingia inakatwa Sh170, zinabaki 3,230. Kato la asilimia 4.5 likipita, wastani unaobaki ni Sh3,085. Ukizitoa, Sh154 zinakwenda, unapokea Sh2,931 hivi. Gharama ni Sh469, asilimia 13.8, ikilinganishwa na Sh153 za Birmingham. Na sharti langu la kutoa hela kila inaporudi, linalomwokoa mbeti wa hapa, linamgharimu wa kule kila anapolitekeleza, kwa kuwa kila kutoa kuna kodi na kila kurudisha kuna ushuru. Kodi ya namna hiyo inampa mtu sababu ya kuiacha hela ndani ya akaunti, mahali pabaya kuliko pote kwa bajeti.

Kwa hiyo mstari wangu wa mwezi, ukiandikwa kwa ukamilifu, una maelezo mengi kuliko namba: pauni 20 zote zinaingizwa mara moja tarehe ya kwanza, akaunti moja, madau manane ya pauni 2.50, mechi moja moja, hakuna mkeka, hakuna sloti, kinachorudi kinatolewa. Gharama ninayoitarajia ni peni 90, gharama ninayoiwekea akiba ni pauni 20, na tofauti ya pauni 19.10 ikirudi inaingia kwenye chakula cha mwezi unaofuata. Kama ningependa mikeka, namba zote mbili zingekuwa 20. Mwenye imani inayomkataza kamari ana mstari wa sifuri, na kwa hesabu tupu ndio wa bei nafuu kuliko yote.

Bajeti inavunjika kabla pauni ya 21 haijatoka, na taarifa ya benki pamoja na historia ya akaunti vinaonyesha mapema. Mimi naangalia vitu viwili: kama mzunguko umezidi hela iliyoingia, maana yake nimeanza kuweka tena kilichorudi, na kama kuna dau kwenye ligi ambayo siitazami, maana yake burudani imeondoka na kimebaki kubeti peke yake. Kikitokea kimoja, mstari wa mwezi unaofuata unakuwa sifuri. Vikitokea vyote viwili mwezi mmoja, kuna GAMSTOP, huduma ya bure inayomfungia mtu tovuti na aplikesheni zote za kubeti zenye leseni ya Uingereza kwa miezi sita, mwaka mmoja au miaka mitano, na muda uliouchagua haufupishwi hata ukiomba.